Marekebisho stahiki: istilahi ya kuwekwa katika sera ya mavazi kazini

Chukua sera yoyote ya mavazi kazini, iwe ya benki, hospitali au kiwanda, na mara nyingi utakuta sentensi ya namna hii: "Mfanyakazi atavaa mavazi nadhifu, ya staha na yanayolinda taswira ya taasisi." Inasomeka vizuri, lakini haimwambii mtu chochote anachoweza kukifuata. Staha kwa mlinzi wa getini si lazima iwe staha kwa mkuu wa idara, na taswira ya taasisi haina kipimo mpaka atokee mtu wa kuikasirikia. Kwa hiyo mfanyakazi mwenye hijabu, kilemba, rasta au shanga hujua msimamo wa sera siku anaporudishwa nyumbani.

Wanasheria wa kazi wana istilahi ya kuziba pengo hilo. Kwa Kiingereza imeundwa kwa maneno mawili, na la pili ndilo lilelile la vyumba vya hoteli. Ndiyo maana tafsiri za haraka hutuletea "malazi ya kuridhisha", na ofisa utumishi akabaki anajiuliza kitanda kinaingiaje kwenye suala la hijabu. Dhana yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kanuni inayomhusu kila mtu ikimbana mtu mmoja kwa sababu ya imani yake, utamaduni wake au hali yake ya mwili, mwenye kanuni anatakiwa airekebishe kwa ajili ya mtu huyo, kwa kadiri ambayo marekebisho hayo hayatamletea mzigo usiobebeka wala kuhatarisha wengine. Mimi naiita marekebisho stahiki.

Wapo wanaopendelea "ruhusa maalumu", na sera nyingi huandika hivyo. Siikubali, kwa sababu ruhusa hutolewa kwa hisani. Aliyeitoa jana anaweza kuiondoa leo bila kueleza sababu, na anayeiomba huingia ofisini akiwa mnyonge. Wengine huandika "msamaha", kwa maana ya kuondolewa kanuni, na hapo tatizo hugeuka upande wa pili: aliyesamehewa helmeti hana helmeti, na hatari iko palepale. Marekebisho hayamtoi mtu kwenye kanuni. Yanabadili namna ya kuitimiza, huku lengo la kanuni likibaki. Neno stahiki nalo linabeba mambo mawili, kwamba mtu anastahili, na kwamba kinachofanywa kinalingana na haja bila kuipita.

Katika Afrika Mashariki, mzozo uliochambua dhana hii kwa kina ulianzia shuleni, Isiolo, Kenya. Shule ya sekondari ya Kiwanjani inafadhiliwa na Kanisa la Methodisti, na sare yake haikuwa na hijabu. Mwaka 2014 wasichana Waislamu waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, ofisa wa elimu wa kaunti akaunga mkono, kanisa likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa: kuwaruhusu wasichana hao kungekuwa kuwapendelea. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, akakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza hukumu. Ilisema kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumbagua mtu kwa matokeo yake, yaani ubaguzi usio wa moja kwa moja, na kwamba shule ilipaswa kutafuta namna ya kuwachukulia wasichana hao bila kuvunja sare. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo, lakini kwa sababu ya utaratibu: dai la mzazi halikuwa limefikishwa mahakamani kwa njia sahihi. Hoja yenyewe ya marekebisho haikuamuliwa.

Anayeandika sera nchini Kenya ana sababu ya ziada ya kuwa makini. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010, inapotaja misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, inaorodhesha dini, imani na utamaduni, kisha inataja mavazi kwa jina lake. Tanzania Bara, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakitaji mavazi, ila kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na sera za mwajiri zimo ndani ya katazo hilo. Kanuni ya "hakuna kufunika kichwa" haitaji dini yoyote, na bado inaangukia humo.

Sasa tuje kwenye swali gumu: ni lini mwajiri anaweza kukataa? Kwa hili sijaona mfano unaofundisha kuliko hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwezi Januari 2013, kwa sababu iliwaweka pamoja wanawake wawili wa Uingereza waliotaka kitu kilekile, msalaba mdogo shingoni. Nadia Eweida alihudumia abiria katika shirika la ndege la British Airways. Shirika lilimrudisha nyumbani mwaka 2006 kwa kuuonyesha msalaba wake, likitetea taswira yake. Shirley Chaplin alikuwa muuguzi, na hospitali ilikataa mkufu kwa hofu kwamba mgonjwa angeweza kuushika na kuuvuta, au ungegusa kidonda. Eweida alishinda, Chaplin akashindwa.

Mahakama haikusema kwamba taswira ya kampuni ni jambo la kupuuzwa. Ilisema ni lengo halali lililopewa uzito kupita kiasi. Msalaba ulikuwa mdogo, na shirika lenyewe tayari liliwaruhusu wafanyakazi wengine kilemba na hijabu bila kuonekana kwamba jina lake limeharibika. Tena mwaka 2007 lilibadili kanuni yake, jambo lililoonyesha kwamba katazo halikuwa la lazima. Kwa Chaplin, sababu ilikuwa usalama wa wadi, na mahakama iliona wasimamizi wa hospitali wana nafasi nzuri zaidi ya kuupima kuliko majaji walio mbali. Pia hospitali ilikuwa imependekeza njia nyingine, kwa mfano kuubandika msalaba kama beji au kuuvaa chini ya nguo yenye kola ya juu.

Ndiyo sababu sera ya mavazi isiandike usalama na taswira katika sentensi moja, maana zikikaa pamoja taswira huazima nguvu ya usalama. Katazo la usalama lazima litaje hatari yenyewe. Katazo la taswira liishie kwenye mambo yanayopimika: rangi, usafi, beji ya jina, nembo. Benki inayotaka wahudumu wake wafanane inaweza kutoa mtandio wa rangi ya benki na kilemba cha rangi hiyohiyo, na mfanano ukapatikana kwa hao waliofunika kichwa pia.

Nichukue kiwanda cha mikate cha kubuni nionyeshe kazi inavyofanyika. Kifungu cha zamani kinasema: "Ni marufuku kuvaa hijabu, vilemba, shanga, hirizi na hina katika eneo la uzalishaji." Swali la kwanza ni kwa kila kitu kilichotajwa: kinaleta hatari gani? Kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa na mashine ya kukandia au mkanda wa kusafirishia, na hilo huvunja shingo. Lakini kinachoning'inia ni ncha, na ncha zinaweza kushonwa au kuingizwa ndani ya ovaroli. Hatari ya pili ya hijabu husahaulika na wengi, nayo ni pini. Pini ikidondokea kwenye unga haionekani. Shanga zina hatari hiyohiyo, kwa kuwa uzi wake hukatika. Hirizi ya mkononi hushika unga na maji, na mkono wenye hirizi hauoshwi vizuri, ila hirizi yaweza kuvaliwa juu ya kiwiko, ndani ya mkono mrefu uliobana. Hina je? Ikishakauka na kubanduliwa, kilichobaki ni rangi iliyoingia kwenye ngozi. Haimeguki kama rangi ya kucha. Kifungu kile kingemfukuza bwana au bibi harusi kwa hatari isiyokuwapo, na kisimguse mwenye kucha za bandia.

Baada ya maswali hayo kifungu kinaandikwa upya: "Katika eneo la uzalishaji, nywele na ndevu zifunikwe zote. Kifuniko cha kichwa kiwe cha kubana, kisicho na pini wala ncha zinazoning'inia, kivaliwe kisafi kila zamu na kiingizwe ndani ya ovaroli. Hijabu na vilemba vya aina hii vitatolewa na kiwanda. Kitu chochote kinachoweza kukatika, kumeguka au kudondoka kisivaliwe mikononi, shingoni wala kwenye kucha." Hakuna dini iliyotajwa kama tatizo, na msimamizi anaweza kukagua kwa macho bila kumuuliza mtu anasali wapi.

Mipaka ipo, na sera iitaje mapema. Barakoa ya kubana inayochuja vumbi au kemikali haizibi juu ya ndevu. Hewa chafu hupenya pembeni, na mvaaji hudhani amekingwa. Hapo marekebisho yanaweza kuwa kofia yenye kipuliza hewa, ile inayopuliza hewa safi usoni bila kuhitaji kubana ngozi, ambayo ni ghali, au kumhamishia mwenye ndevu kazi nyingine ya mshahara uleule. Kiwanda kidogo kisichomudu kofia hiyo wala kisicho na kazi nyingine kinaweza kukataa kwa haki, mradi kionyeshe kwamba kilizitafuta njia hizo. Kwa mwenye nikabu, haja ya getini ni kumtambua. Mlinzi wa kike na chumba cha faragha vinaimaliza, na hakuna sababu ya kuigeuza kuwa katazo la mchana kutwa.

Sehemu inayobaki ni utaratibu, na huko ndiko sera nyingi nzuri hukwamia. Ombi la marekebisho lisimtake mtu alete barua ya shehe, padri au mzee wa ukoo, kwa sababu mwajiri hapimi nani ni muumini bora. Atosheke na maelezo ya mfanyakazi mwenyewe: anavaa nini, kwa nini, na kanuni ipi inamzuia. Ofisa usalama ajibu kuhusu hatari, ofisa utumishi ajibu kuhusu taswira, kila mmoja kwa upande wake na kwa maandishi. Jibu la kukataa litaje hatari au gharama, pamoja na njia mbadala zilizopimwa na sababu ya kuziacha. Sera iweke idadi ya siku za kujibu, na katika siku hizo mfanyakazi aendelee na kazi mahali ambapo vazi lake halina hatari, bila kukatwa mshahara.