Push si kusukuma

"Yaya, hii Void ni kusema nimeliwa?" Mdogo wangu aliniuliza hivyo hapa Swima, siku chache baada ya tarehe 7 Desemba 2024, akiwa na tike mkononi, karatasi ambayo Watanzania huiita mkeka. Alikuwa karibu kuitupa.

Tuchukue mkeka wa wikendi ileile, wenye odi za mfano na dau la faranga 2,000: Aston Villa ishinde, 1.30, Brentford ishinde, 2.50, Liverpool imfunge Everton, 1.50, Fulham na Arsenal wafunge zaidi ya mabao 2, 1.40. Zidisha zote, unapata 6.825, yaani faranga 13,650 zote zikiingia.

Villa na Brentford walishinda Jumamosi, zikaandikwa Won: imeingia. Fulham na Arsenal walicheza Jumapili, kwa hiyo Jumamosi usiku mstari wao ulisoma Pending. Tafsiri yake ni neno letu dogo tu, bado.

Everton na Liverpool hawakucheza, kwa sababu ya dhoruba. Kampuni nyingi husubiri saa 24, 48 au 72 kufuatana na kanuni zao, kisha huandika Void. Mechi ilikuja kuchezwa tarehe 12 Februari 2025. Neno linalofaa hapa ni batili, kama tunavyosema ndoa batili: beti hiyo inahesabiwa kama haikuwahi kuwekwa. Mechi yenyewe iliisha 2-2, lakini haimhusu tena aliyeweka beti Desemba.

Fulham na Arsenal walitoka 1-1. Mabao 2 kamili si zaidi ya 2, wala si pungufu. Hapo huandikwa Push, na mgeni hudhani mechi imesukumwa mbele, imeahirishwa. Sivyo, mechi imekwisha kabisa. Matokeo yameangukia juu ya mstari wenyewe. Mimi ningeandika dau limerudi. Kama mtu angechagua zaidi ya 2.5, ingekuwa Lost, maana nusu bao halipo uwanjani.

Kwa beti ya mechi moja, Void na Push humrudishia mtu dau lake. Kwenye mkeka harudishiwi kitu pale pale: odi ya mstari huo hugeuka 1.00 na mkeka unaendelea. Wengi hukosea hapa, wakidai robo ya dau. Hesabu yetu sasa ni 1.30 mara 2.50 mara 1.00 mara 1.00, yaani 3.25. Malipo ni faranga 6,500, siyo 13,650, na siyo sufuri.

Lost moja, kwetu tunasema imeanguka, huua mkeka wote, hata kama mistari mingine bado. Brentford angefungwa Jumamosi ile, Void ya Liverpool isingerudisha hata faranga moja.