Chuma Kilekile, Kutu Tofauti: Vibanio vya Parthenoni na Ukarabati wa Nikolaos Balanos

Hekalu la Parthenoni, lililojengwa juu ya kilima cha Akropoli mjini Athene kati ya mwaka 447 na 432 K.K., halikuunganishwa kwa chokaa wala saruji. Mawe yake ya marumaru yalichongwa kwa usahihi mkubwa yakakaa uso kwa uso, kisha yakashikwa kwa chuma. Jiwe lilifungwa kwa jirani yake kwa kibanio cha chuma kilicholazwa kwenye mfuo uliochongwa juu ya mawe yote mawili, na safu moja ikashikamana na ile ya chini yake kwa vigingi vya chuma vilivyosimama wima. Vyuma hivyo vilikaa ndani ya marumaru kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Vile vilivyowekwa na mhandisi Nikolaos Balanos mwanzoni mwa karne ya 20 vilianza kuyapasua mawe katika muda wa miongo michache tu. Sehemu hii inachunguza sababu ya tofauti hiyo, kwa kuwa hukumu ambayo wanahistoria wameitoa dhidi ya Balanos inategemea jibu lake.

Tuanze na kinachotokea ndani ya jiwe. Chuma kinapokutana na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ukubwa wa ongezeko hilo hutegemea aina ya kutu: ile nyeusi, inayoota mahali penye hewa kidogo, huchukua takribani mara mbili ya nafasi ya awali, ilhali ile ya rangi ya kahawia iliyoshiba maji huweza kufikia mara tatu na zaidi. Tuchukue mfano wa pao la chuma lililobanwa pande zote, lililoliwa kwa kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita katika kila uso. Ikiwa kutu yake ni mara tatu ya chuma kilicholika, kila uso utasogea nje kwa sehemu mbili za kumi za milimita, na pao zima litanenepa kwa karibu nusu milimita. Kwa macho hicho ni kiasi kidogo mno. Lakini marumaru, ingawa huhimili mgandamizo mkubwa, haivumilii kuvutwa. Jiwe lenye upana wa sentimita 40 hupasuka kabla ya kurefuka kwa hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana chuma hakihitaji kuoza sana ili kiharibu. Pao linaweza kutolewa likiwa bado imara ilhali jiwe lililolizunguka limekwisha kuachana vipande.

Mafundi wa kale walikizunguka chuma kwa risasi. Kibanio kilipokwisha kuwekwa katika mfuo wake, risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa hadi ikajaza kila upenyo. Ilifanya kazi mbili. Kwanza iliyazuia maji na hewa yasikifikie chuma. Pili, na hili huelekea kusahauliwa, ilikuwa laini: pale ambapo kutu kidogo iliota, risasi ilijibonyeza na kuipisha, na msukumo haukulifikia jiwe kwa nguvu zote. Pia chuma chenyewe kilifuliwa kwa uangalifu mkubwa na wahunzi waliokijua. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba chuma cha kale hakikuwa na kutu kabisa. Pale ambapo jiwe lilivunjika na risasi ikafunuliwa au kung’olewa, kibanio cha kale kilioza na kupasua marumaru kama kile cha kisasa. Kwa hiyo tofauti ya msingi haikuwa ya umri.

Balanos alifanya kazi katika Parthenoni kwa vipindi viwili, 1898 hadi 1902, baada ya tetemeko la mwaka 1894 kuliathiri hekalu, na 1922 hadi 1933, aliposimamisha upya safu ya nguzo za kaskazini. Katikati ya vipindi hivyo alishughulikia Erektheioni na Propilea. Vyuma vyake vilikuwa vingi na vikubwa kuliko vya kale. Mbali na vibanio, alichimba mifereji ndani ya mawe marefu yaliyovunjika na kulaza humo maboriti ya chuma, kisha akajaza saruji. Kwa sehemu kubwa, risasi haikutumika.

Ni rahisi kuandika kwamba alikuwa mzembe, na maandishi kadhaa yanaishia hapo. Mtazamo huo hauzingatii ushahidi wa wakati wake. Saruji mpya, kwa asili yake ya kialkali, hukilinda chuma kweli. Kinga hiyo hupotea polepole hewa ya ukaa inapopenya, na hupotea mapema zaidi pale ambapo saruji ni nyembamba au imeachana na jiwe na kuacha njia ya mvua. Aidha, mkutano wa kimataifa wa wataalamu uliofanyika Athene mwaka 1931 uliikubali saruji yenye chuma kama nyenzo ya kukarabatia majengo ya kale, ukaunga mkono kusimamishwa kwa safu ya kaskazini. Katika mkutano huohuo Balanos alitetea matumizi ya chuma kwa hoja ya tahadhari alizochukua na hali ya hewa ya Atika, na baadhi ya wataalamu, wakikumbuka madhara waliyoyaona kwingine, walisema wangependelea metali isiyoshika kutu kwa urahisi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kosa linapoonekana. Onyo lilitolewa mbele yake, na mfano wa risasi ulikuwa mikononi mwake kila alipofungua kiungo cha kale. Kosa hilo, hata hivyo, lilikuwa na wenzi wengi waliolipa kibali.

Dalili zilizofuata zinasomeka hata leo katika picha za mawe yaliyoshushwa. Kwanza hutokea doa jekundu la kahawia kwenye kiungo. Kisha huonekana ufa mwembamba unaofuata mkondo wa pao lililofichika, tofauti na ufa wa tetemeko ambao haujali chuma kilipo. Mwishowe gamba la marumaru juu ya kibanio hutoa sauti ya uwazi likigongwa, na hudondoka.

Kamati ya uhifadhi wa Akropoli iliundwa mwaka 1975, na kazi ikaanzia Erektheioni, 1979 hadi 1987, kabla ya kuendelea Parthenoni. Mawe yalishushwa, saruji ikachongwa kidogo kidogo ili chuma kitoke bila kuuongeza ufa, na vipande vikaunganishwa upya kwa pao za titaniamu na saruji nyeupe. Titaniamu haioti kutu ya kuvimba, na hutanuka kwa joto kwa kiwango kinachokaribiana na cha marumaru. Lakini kwa kuwa ina nguvu nyingi, ilizua swali jipya: je, tetemeko likija, kitakachovunjika ni kiungo au jiwe? Wahandisi walikokotoa unene wa kila pao ili titaniamu ijipinde na kulegea kabla marumaru haijavunjika. Kwa kupimwa unene wake, titaniamu ilirudishiwa ile sifa ya kukubali kushindwa ambayo zamani ilikuwa ya risasi.

Kuna hasara moja ambayo titaniamu haikuweza kuifuta. Ili kupata nafasi ya maboriti yake na kuvilinganisha vipande, Balanos alikata nyuso za mawe ya kale, na baadhi ya vipande alivipachika mahali pasipo pake. Vilivyopotea njia vimerejeshwa kwa kulinganisha mifuo ya vibanio, lakini marumaru iliyochongwa ikatupwa haikurudi, na mifereji yake ya mraba bado imo ndani ya mawe, nyuma ya viungo vipya.