Siku na Mwezi Mpakani: Unukuzi wa Tarehe za Tarakimu katika Nyaraka za Busia na Tororo

Mpaka unaopita kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, na kuendelea kaskazini kupitia Malaba karibu na Tororo, umejengwa juu ya tarehe mbili ambazo zikiandikwa kwa tarakimu tupu hazieleweki kwa yakini. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Aprili 1902, na kwa uhamisho huo nchi ambayo leo ni magharibi ya Kenya ikatoka mikononi mwa utawala wa Entebbe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo, katika ibara ya 10, inaufunga uraia wa kuzaliwa na jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Mtu akiandika 1/4/02 na 1/2/26, msomaji aliyezoea kutanguliza mwezi atasoma Januari 4 na Januari 2. Watunga katiba waliiandika siku hiyo kwa maneno. Makarani wa vijijini hawakuwa na desturi hiyo.

Mnukuzi anayechapa nyaraka za eneo hili hukutana na tatizo hilo mara kwa mara. Katika mwaka wa siku 365, siku 144 zina namba isiyozidi 12. Kati ya hizo, 12 hazibadiliki zikigeuzwa, kama vile 4/4. Zinazobaki ni 132, yaani zaidi ya theluthi moja ya mwaka, na kila moja yaweza kusomwa kwa namna mbili.

Jibu la haraka ni kwamba utawala wa Waingereza ulitanguliza siku, kwa hiyo siku itangulie daima. Kwa hati za ofisi ya wilaya, kanuni hiyo hufaa mara nyingi. Hata lugha inaiunga mkono, kwa kuwa Kiswahili husema tarehe tatu mwezi wa kwanza, wala si kinyume chake. Lakini magharibi ya Kenya palikuwa na mkono mwingine. Wamisionari wa Kikweka waliofungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani, ambako mwezi hutangulia. Zaidi ya hayo, desturi ya kale ya Wakweka iliepuka majina ya miezi yenye asili ya kipagani na kuiita miezi kwa namba: mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Kwao namba ilikuwa ndiyo jina la mwezi. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika kwa walimu wa aina hiyo, kisha akaajiriwa kuwa karani, angeweza kuendelea na mazoea ya darasani katika daftari la serikali. Kwa sababu hiyo ushahidi wa kwanza wa kutafutwa ni mwandishi mwenyewe. Asili ya ofisi ni ushahidi wa pili tu.

Chukulia stakabadhi ya kodi ya kichwa yenye tarehe 3/1/26, iliyohifadhiwa na familia ya Wasamia yenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Ikisomwa kwa kutanguliza siku ni Januari 3, kabla ya siku iliyotajwa na katiba. Ikisomwa kwa kutanguliza mwezi ni Machi 1, baada yake. Ni kweli kwamba katiba inazungumzia jamii, na Wasamia wametajwa katika orodha yake, hivyo karatasi moja haimpi wala kumnyima mtu uraia. Lakini kwa mtafiti anayefuatilia kaya ilikuwa upande gani mwanzoni mwa mwaka huo, tofauti hiyo ya miezi miwili ndiyo kiini cha swali.

Kalenda hutoa dokezo. Januari 3, 1926 ilikuwa Jumapili. Machi 1 ilikuwa Jumatatu. Kodi kupokelewa siku ya Jumapili si jambo la kutarajiwa, ingawa haliwi muhali, kwani mkusanyaji aliyekuwa safarini aliweza kupokea fedha siku yoyote. Basi dokezo hilo linaelekeza upande wa Machi bila kuthibitisha. Uthibitisho unapaswa kutoka katika kitabu chenyewe cha stakabadhi. Namba zake hufuatana, na ikiwa stakabadhi iliyotangulia kwa namba chache imeandikwa 27/2/26, shaka inakwisha kuhusu mahali pa hati, lakini linazuka swali jipya: mbona karani aliyeandika 27/2 ageuze mpangilio siku mbili baadaye? Jibu la kawaida ni kwamba mwandiko umebadilika. Ni lazima kulinganisha umbo la tarakimu na rangi ya wino kabla ya kuamua.

Jina la siku likiandikwa kando ya tarehe huonekana kuwa msaada mkubwa, na ndipo mpaka huu unapoweka mtego wake. Luganda ilienea Bukedi pamoja na mawakala wa Kiganda waliofuata utawala wa Semei Kakungulu, ikawa lugha ya mabaraza kwa muda mrefu. Katika Luganda, Lwakusatu, siku ya tatu, ni Jumatano, maana hesabu huanza Jumatatu. Katika Kiswahili hesabu huanza baada ya Ijumaa, na siku ya tatu ndiyo Jumatatu. Karani aliyetafsiri kumbukumbu kutoka Luganda aliweza kwa urahisi kuigeuza Lwakusatu kuwa Jumatatu kwa kufuata sauti ya namba. Sasa tazama 9/8/26 yenye neno Jumatatu pembeni. Agosti 9, 1926 ilikuwa Jumatatu hasa. Septemba 8 ilikuwa Jumatano, yaani Lwakusatu. Usomaji wote wawili unapata shahidi wake! Shauri likiwa limetanguliwa na la 26/7/26 na kufuatwa na la 16/8/26, kwa mkono uleule, Agosti 9 inasimama, na pia inaonekana kwamba baraza lilikutana siku za Jumatatu. Pasipo majirani hao, jina la siku halitoshi.

Baada ya uamuzi kuna hatari ya mashine. Excel iliyowekwa katika mpangilio wa Marekani itaipokea 3/1/26 na kuihifadhi kama Machi 1, na mara nyingi kwa mwaka 2026. Itaikataa 26/7/26 kuwa tarehe na kuiacha kama maandishi. Dalili huonekana katika safu moja: baadhi ya seli zimeegemea kushoto, nyingine kulia, na katika zile zilizogeuzwa kuwa tarehe hakuna hata moja yenye siku inayozidi 12. Kosa likigunduliwa baada ya faili kuhifadhiwa na kunakiliwa, asili haipatikani tena ila kwa kurudi kwenye karatasi. Kwa hiyo safu huwekwa kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa tarehe ya kwanza.

Katika safu hiyo huchapwa kilichoandikwa, bila kuongeza sifuri wala karne. Safu ya pili hubeba tafsiri kwa mpangilio wa ISO 8601, mwaka ukitangulia, na ya tatu hutaja msingi wa uamuzi. Pale ambapo ushahidi umeshindwa, sehemu ya pili ya kiwango hicho, ya mwaka 2019, inaruhusu kuandika tarehe zote mbili ndani ya mabano ya mraba, kwa maana kwamba mojawapo ndiyo sahihi:

```
3/1/26 | [1926-01-03,1926-03-01] | kitabu hakipo
9/8/26 | 1926-08-09 | mfuatano, mkono uleule
```

Wapo wanaopendelea kuandika 1926 peke yake wanapokosa hakika. Njia hiyo haidanganyi, lakini inatupa maarifa yaliyopo: stakabadhi ambayo ni ya Januari au ya Machi tu inageuka kuwa ya mwezi wowote, na anayetafuta hati za Februari ataipata pamoja na zile zinazostahili.