Uwanja wa umma

Uwanja wa umma ni eneo la wazi mjini ambamo mtu huingia bila kiingilio na kukaa bila kulazimika kununua kitu. Viwanja vingi vikubwa hubaki vitupu kwa sababu mchoraji alipanga sakafu akasahau kingo. Watu hawakai katikati. Hukaa pembeni, mgongo ukiwa na kinga na macho yakitazama wapitao. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York, alieleza mwaka 1980 kwamba watu huketi palipo na pa kuketi. Waswahili walishalijua hilo kwa baraza zao.

Katika Mwanza, ufukwe unaotazamana na Jiwe la Bismarck una faida tayari: kivuko cha Kamanga kiko karibu na huleta wapita njia. Tatizo ni jua. Mji uko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo saa sita kivuli huanguka miguuni. Alasiri jua huja kutoka upande wa ziwa, na maji hulirudisha usoni. Miti ipandwe upande huo, matawi ya chini yakatwe hadi kama mita 3: jua la saa kumi huzuiwa, la machweo hupenya, na upepo wa ziwa hupita. Kuta fupi za sentimita 40 hadi 45 zinatosha kuwa viti. Muuza kahawa asifukuzwe. Akiondoka yeye, wateja wake nao huondoka, na wazee wa bao hawakawii kuwafuata.