Usiku wa Ijumaa: Kosa Nililolisoma Kaburini

Kwa miaka kumi na minne niliwafundisha walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu kwamba mtunzi mmoja wa mwambao wa Pangani alifariki tarehe 24 Oktoba 1934. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa jamaa zake wangali hai na hawapendi kuandikwa. Tarehe ile sikuitoa kitabuni. Niliinakili mwenyewe kaburini, jua la saa sita likiwa utosini, na sikuitilia shaka mpaka siku mjukuu wake, bibi aliyenizidi umri kwa mbali, aliponiambia: “Mwanangu, umempa babu mwaka mzima ambao Mungu hakumpa.”

Neno lile halikuwa la kupuuzwa, kwa sababu juu ya tarehe hiyo palikuwa na shairi. Miongoni mwa karatasi za familia hiyo upo utungo wa maombolezo, ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambao ubeti wake wa mwisho unasema kwamba ulikamilika mwezi wa Shawali mwaka 1352. Mimi niliuhesabu kuwa wa mzee, tena nikausifu darasani kama kazi ya uzeeni mwake. Bibi yule alishikilia kwamba ulitungwa na bibi yake, mjane wa mzee, alipokuwa edani. Mmoja wetu alikuwa amekosea, na shahidi aliyekuwapo ni jiwe.

Nilirudi kaburini, safari hii alasiri, jua limelala. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo ningemshauri msomaji wa makaburi. Mwanga wa juu hufuta michoro, ilhali mwanga wa ubavuni hujaza kila mfuo kivuli, na herufi iliyokuwa imekufa ikainuka. Asiyeweza kungoja jioni atumie kioo kuupinda mwanga. Asisugue kwa brashi ya waya, wala asipake chaki, kwani chokaa ya zamani humeguka, na kilichomeguka hakisomeki tena.

Maandishi yale ni ya Kiarabu, mistari minne katika lipu. Yanasema kwamba marehemu alifariki usiku wa Ijumaa, saa tatu ya usiku, tarehe 15 Rajabu, na umri wake ulikuwa miaka 66. Mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Tatu za mwanzo, yaani moja, tatu na tano, zilisomeka wazi. Ya mwisho nilikuwa nimeisoma tatu, hivyo nikapata 1353.

Katika tarakimu hizo, mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja tu kichwani. Lipu ikibanduka kidogo mahali hapo, tatu hugeuka mbili, na ufa ukipita juu ya mbili, mtu huona tatu. Dawa yake iko kwenye jiwe lenyewe: tafuta tarakimu ileile mahali pengine ambapo haina ubishi, uilinganishe. Hapa ilikuwapo tatu ya mamia. Nilipima kwa kijiti nikaona kichwa chake ni kipana kuliko kile cha tarakimu ya mwisho, na lile “jino” nililoliona zamani lilikuwa ufa ulioendelea kushuka hadi mstari wa chini. (Wenzangu tuliolelewa na tarakimu za shuleni tujihadhari pia na tano ya Kiarabu, ambayo ni duara na hufanana na sifuri yetu, na sita, ambayo huonekana kama saba.)

Hata hivyo, jicho lililokwisha kukosea mara moja halitoshi kuamua. Kilichoamua ni siku ya juma, kwa kuwa aliyeandika alitaja Ijumaa. Jedwali la kulinganisha kalenda linaonyesha kwamba 15 Rajabu 1353 iliangukia Jumatano, 24 Oktoba 1934. Mwandamo wa mwezi huweza kuipeleka tarehe mbele au nyuma kwa siku moja. Jumatano ikawa Jumanne au Alhamisi, lakini Ijumaa haifiki. Mwaka 1352, tarehe 15 Rajabu iliangukia Ijumaa, 3 Novemba 1933. Mwaka ukawa huo.

Nilikuwa nimekwisha kuandika “3 Novemba” ndipo lugha ikanivuta kanzu. Jiwe halikusema “Ijumaa usiku”, limesema “usiku wa Ijumaa.” Kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo ndiyo ya wazee wetu, siku huanza jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao leo tungesema ni wa kuamkia Ijumaa, na ambao kalenda ya ukutani huuita Alhamisi. Saa tatu ya usiku ilikuwa kabla ya usiku wa manane, hivyo kwa kalenda ya kizungu mzee alifariki Alhamisi, 2 Novemba 1933. Lau jiwe lingesema saa tisa ya usiku, tarehe ingekuwa 3 Novemba, na usiku ungebaki uleule mmoja. Tumezoea kuyachanganya maneno haya mawili hata sisi tunaojiita walinzi wa lugha, na kila tunapoyachanganya tunamsogeza mtu siku nzima.

Umri nao ulikuwa na mtego. Nilikuwa nimetoa 66 katika 1934, nikaandika kwamba alizaliwa 1868. Lakini miaka ya jiwe ni ya mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Miaka 33 ya mwezi ni takriban 32 ya jua, kwa hiyo mzee aliishi kama miaka 64 ya kalenda yetu. Ikiwa alikuwa ametimiza 66, alizaliwa kati ya Novemba 1868 na Oktoba 1869. Ikiwa alikuwa ndani ya mwaka wa 66, tusogeze mwaka mmoja mbele. Jiwe halisemi ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo siku hizi naandika “karibu na 1869,” wala sioni haya.

Tahadhari hii huhitajika hata kwa makaburi mashuhuri. Kaburi lenye tarehe pale Gedi limeandikwa mwaka 802, na vitabu huweka 1399. Ila mwaka ule wa Hijria ulianza Septemba 1399 ukaishia Agosti 1400. Sehemu yake kubwa imo ndani ya 1400. Mwaka mtupu wa Hijria, usio na mwezi, karibu kila mara ni jozi ya miaka.

Nirudi kwa shairi. Shawali ya 1352 ilianza katikati ya Januari 1934, zaidi ya miezi miwili baada ya mazishi. Mzee hakuweza kuukamilisha utungo ule. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi; kuanzia nusu ya Rajabu, inakwisha mwishoni mwa Dhulkaada, na Shawali imo ndani yake. Maneno ya bibi yule yanapatana na tarehe zote mbili. Jiwe halithibitishi kwamba mjane ndiye aliyetunga. Limemwondoa mumewe tu, na mengine yanategemea mapokezi ya nyumba yao.

Nilimpelekea bibi nakala mpya ya shairi. Chini yake nilikuwa nimeandika: “Utungo wa mjane wake, kwa mapokezi ya familia.” Alinitaka nimsomee mara mbili, kisha akaniuliza ni wanafunzi wangapi niliowafundisha lile kosa. Nilimwambia ni wengi, nami nimeanza kuwaandikia.