Daluga: njumu kulingana na uwanja, na saizi kwa vijana

Daluga ni viatu vya kuchezea kandanda vyenye njumu chini ya soli ili mchezaji asiteleze. Urefu, idadi na umbo la njumu ndivyo vinavyoamua kiatu kinafaa uwanja gani. Katika eneo la Amukura, kaunti ya Busia magharibi mwa Kenya, uchaguzi huu ni mgumu kwa sababu uwanja mmoja hubadilika mwaka mzima. Kuanzia Desemba hadi Februari ardhi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, masika ya Machi hadi Mei huleta matope, kisha nyasi hushika. Kandanda ya shule za sekondari huchezwa muhula wa pili, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, na kijana wa kawaida ana jozi moja tu.

Aina za njumu

Njumu za kufunga kwa skrubu huwa 6: nne mbele na mbili kisiginoni, kwa kawaida zenye urefu wa milimita 13 hadi 15. Alama yake kwenye lebo ni SG. Zimeachana sana, hivyo huzama kwenye tope laini na tope halikwami katikati yake. Kwenye ardhi kavu hazizami, na uzito wote wa mwili hubaki juu ya vidoa sita. Mchezaji huhisi kila njumu ikimsukuma unyayo, na kifundo huyumba.

Njumu zisizofunguka, zenye alama FG, huwa kumi au zaidi na urefu wa takriban milimita 10. Hizi ni za nyasi zilizoshika kwenye udongo unaobonyea kidogo. Zilizo za duara humwezesha mchezaji kugeuka kwa urahisi. Zilizo bapa kama makali hushika zaidi, na mguu ukikwama huku mwili ukigeuka, goti ndilo linaloumia.

Kwa uwanja mkavu wa murramu, kinachofaa ni soli ya TF, yenye vijinjumu vingi vifupi vya mpira. Huugawanya uzito, lakini kwenye matope nafasi zake hujaa na kiatu huteleza.

Uwanja hupimwa kwa kisigino. Kikandamizwe kwa nguvu: kisipoacha alama, ardhi ni ngumu, kikiacha alama kavu, FG inatosha, kikizama na tope likanata, hapo ndipo pa SG. Mwenye jozi moja Amukura achukue FG ya njumu fupi za duara. Itateleza kidogo siku za mvua kubwa, lakini haitamdhuru miezi iliyobaki, kama SG inavyoweza.

Saizi kwa anayekua

Miguu yote miwili hupimwa jioni, ikiwa imetanuka, kijana amesimama juu ya karatasi amevaa soksi za mechi. Mguu mrefu ndio unaofuatwa, na huongezewa milimita 10. Jumla kwa sentimita ikizidishwa kwa 1.5 hutoa saizi ya Ulaya. Tuseme mvulana wa miaka 13 ana mguu wa kushoto wa milimita 234 na wa kulia 236. Pamoja na nafasi ni sentimita 24.6, ambayo hutoa 36.9, yaani namba 37.

Wazazi wengi humnunulia mtoto kama huyu namba 39 ili akue nayo. Namba hiyo ina nafasi ya milimita 24 hivi. Mguu huserereka ndani, vidole hugonga mbele kila anaposimama ghafla, malengelenge hutokea, na kiatu hakikunjiki pale mguu unapokunjika. Soksi ya pili haitibu kasoro hiyo. Ni afadhali kupima kila muhula na kubadilisha nafasi inaposhuka chini ya milimita 5.

Daluga za mitumba, zinazopatikana katika masoko ya Busia na Malaba, mara nyingi zimefutika namba. Soli ya ndani itolewe na ipimwe: kwa mvulana huyu iwe karibu milimita 246. Kisha kiatu kikunjwe. Mstari mweupe karibu na njumu ni dalili kwamba soli iko karibu kupasuka. Njumu iliyochongoka ikaguliwe pia, kwani Sheria ya 4 ya kandanda hairuhusu kifaa chenye hatari na refa anaweza kumtoa mchezaji akabadilishe kiatu.

Dalili za kiatu kisichofaa

Kati ya miaka 8 na 14, sehemu ya mfupa wa kisigino inayokua huumia kwa urahisi kijana anapokimbia sana kwenye ardhi ngumu akiwa na kiatu kisichofaa. Akiminywa kisigino kwa pande zote mbili akasikia maumivu, apumzike, na akirudi mazoezini wakati wa kiangazi avae TF. Maumivu yakiendelea, apelekwe kituo cha afya.