Hapo Katikati Palikuwa na Kimya

Mjomba wangu alipofariki alituachia sanduku la mbao chini ya kitanda, Jericho. Ndani kulikuwa na santuri ndogo kama 60 hivi, zile za mizunguko 45 kwa dakika, nyingine hazina hata karatasi ya kuzifunika. Nikapewa kazi, maana mimi ndiye "kijana wa kompyuta" kwa familia: nizitie kwa simu, ili siku ya kumbukumbu yake watu wasikilize nyimbo alizozipenda.

Nikaazima mashine kwa jamaa anayeuza santuri kuukuu mjini, nikaanza. Ya kwanza ilikuwa ya benga, ya Kijaluo, lebo imechanika, jina la bendi halisomeki. Kilichobaki ni namba tu: upande mmoja 1, upande wa pili 2. Upande wa kwanza ukacheza dakika nne na kidogo. Magitaa mawili yanaongea, besi inaruka, waimbaji wawili wanabembeleza. Halafu, wimbo unapoanza tu kupata moto, sauti ikazama polepole ikaisha. Nikageuza. Upande wa pili ukaanza palepale, gitaa la solo likiwa tayari linakimbia, na hakuna aliyeimba tena isipokuwa kupiga kelele za kuwasifu wapigaji.

Nikaona hiyo ni kasoro. Kwa kompyuta nikaunganisha pande mbili, nikakata kile kimya cha katikati, wimbo ukawa mmoja safi wa dakika karibu tisa. Nikamchezea mamangu. Alisikiliza akitikisa kichwa, na ilipofika dakika ya nne akaweka kikombe chini, akainuka nusu kwa kiti. Kisha akasimama hivyo, ameshangaa.

"Wewe, umefanyia nini hii nyimbo?"

"Nimeiunganisha, mum. Si ni ile ile?"

"Si ile ile. Hapo ndipo nilikuwa nageuza."

Yeye alikuwa kitinda mimba. Mjomba na marafiki zake walipocheza ngoma kwa ile nyumba ya chumba kimoja, kazi ya huyo msichana mdogo ilikuwa kukaa kando ya mashine. Mwili wake bado unakumbuka, miaka zaidi ya 40 baadaye. Nikaanza kujiuliza: hicho kimya nilichokifuta kilitoka wapi?

Kilitoka kwa plastiki. Santuri ni mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na shimo la katikati, na sindano inaufuata. Santuri za zamani, zile nzito za mizunguko 78 ambazo zikianguka zinavunjika kama sahani ya chai, zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi, alikutana na kipimo hicho. Taarabu ni muziki wa usiku kucha. Mtu anatunzwa, beti inarudiwa, fidla inazunguka bila haraka. Lakini sahani haijui kutunza. Dakika tatu zikiisha, zimeisha.

Santuri ya 45 ilipotoka Marekani mwaka wa 1949, ilikuwa nyepesi na ndogo, kama sentimita 17 na nusu, na ungeweza kubana dakika nne au tano kila upande. Ungeweza kuongeza, lakini kwa bei. Ukitaka muda mrefu, lazima mizunguko ya mfereji ikaribiane, na ikikaribiana huwezi kuiruhusu iyumbe sana. Kuyumba huko ndiko sauti yenyewe, hasa besi. Kwa hiyo wimbo mrefu unatoka ukiwa mnyonge, na ukilazimisha sauti kubwa mifereji inagongana na sindano inaruka. Sasa fikiria baa yenye watu, na santuri nyonge kwa mashine ya kutia sarafu. Nani ataisikia?

Wanamuziki wa kwanza wa Nairobi wa enzi hizo walikubali masharti. Sikiliza kina Fadhili William na Daudi Kabaka walipokuwa wakirekodi na Equator Sound miaka ya 1960. Nyimbo zao ni fupi, zimekatwa vizuri kama shati la fundi. Gitaa linafungua, beti, kiitikio, gitaa kidogo, beti, kwisha. Upande wa pili ni wimbo mwingine kabisa. Ukinunua santuri moja umepata nyimbo mbili.

Miaka ya 1970 mambo yakageuka. Bendi zilizokuwa zikila kwa jasho la baa, za rumba kutoka Kongo na Tanzania na za benga kutoka Nyanza, hazikuzoea kumaliza wimbo kwa dakika tatu. Kwenye ukumbi, wimbo ulianza taratibu ili watu wasikie maneno, halafu ukapanda hadi mahali ambapo waimbaji wananyamaza na magitaa yanachukua nchi. Wakongo wanaita sehemu hiyo sebene. Hapa kwetu wanamuziki waliizoea kama klaimaksi. Ilidumu kadiri wachezaji walivyotaka, na bendi ilisoma miguu ya watu.

Wimbo kama huo haungii upande mmoja. Basi wakaupasua: maneno upande wa kwanza, klaimaksi upande wa pili. Santuri moja sasa ni wimbo mmoja. Ndiyo maana ya zile namba 1 na 2 kwa sanduku la mjomba, na karibu nusu ya santuri zake ziko hivyo.

Nilipoanza kusikiliza kwa makini niligundua kulikuwa na njia mbili za kupasua, na unaweza kuzitofautisha kwa masikio tu. Ya kwanza ni ile ya santuri yangu ya benga: bendi imepiga moja kwa moja, na fundi wa studio ameshusha sauti katikati kisha akaipandisha upande wa pili. Unajua kwa sababu upande wa pili unaanza ukiwa safarini, mkono wa gitaa umeshapata joto. Njia ya pili, bendi yenyewe inasimama. Upande wa kwanza unaisha kwa kishindo, na wa pili unaanza upya kwa gitaa peke yake kabla ya wengine kuingia. Hapo mara nyingi kasi imebadilika kidogo, na wakati mwingine hata nyuzi zimekazwa tofauti. Hawa tayari walikuwa wametunga wimbo wakiijua santuri. Kimya kilishaingia ndani ya utunzi.

Na mpasuko huu ulimfaa mtu mmoja hasa: mpiga solo. Sindano inavyokaribia katikati, mzunguko unakuwa mfupi lakini muda wake ni ule ule, kwa hivyo sauti ile ile inabanwa kwa mfereji mfupi. Nyuzi nyembamba ndizo huumia kwanza: zinakwaruza. Mwisho wa kila upande ndio mahali pabaya pa santuri. Kama klaimaksi ingewekwa mwishoni mwa upande mmoja, gitaa la solo lingeangukia hapo. Kwa kuanza upande wa pili, lilipata ukingo wa nje, mahali pasafi kuliko pote. Sidai kwamba walipanga hivyo. Lakini weka sindano mwanzoni mwa upande wa pili uone venye hilo gitaa linang'aa, kisha usikilize dakika ya mwisho ya upande wa kwanza.

Wasikilizaji nao wakabadilika. Mamangu anasema upande wa kwanza ulikuwa wa wazee na wa kusikia kisa: nani kaachwa, nani kasifiwa. Ukigeuza, watoto wanatolewa nje na meza inasukumwa ukutani. Kulikuwa na watu waliojua upande wa pili tu wa wimbo, hawakujua unaimba nini. Na kile kimya cha sekunde 10 au 20 kilikuwa na kazi zake. Ndipo mtu alipobadilisha wa kucheza naye, akajaza glasi, au akasema lile neno alilokuwa ameliogopa.

Kisha kaseti ikaja. Philips waliitoa mwaka wa 1963, lakini mitaani kwetu iliteka kweli miaka ya 1980. Kaseti ya dakika 60 ina nusu saa kila upande. Hakuna wa kukaa kando ya mashine. Mtu aliyekuwa na redio ya kaseti mbili alinakili santuri kumi za watu wengine kwa jioni moja, na kila nakala ya nakala ilizidi kupoteza zile sauti za juu na kuongeza mvumo kama wa mvua ya mbali. Ukisikia besi tupu na gitaa limezama, ujue hiyo ni nakala ya mjukuu. Matatu hazikujali, muradi besi ipo. Wenye nyimbo ndio walioumia: hakuna shilingi iliyorudi kwao, na biashara ya santuri ikafa mikononi mwa kanda za magendo.

Ila kuna kitu kilinishangaza. Kwa kaseti hakukuwa tena na sababu ya kupasua wimbo. Hata hivyo zile nyimbo zilinakiliwa na mpasuko wake, kile kimya kikasafiri ndani ya kanda, kikaingia kwa sidii, kikafika YouTube. Tafuta rumba au benga yoyote ndefu ya Nairobi ya miaka hiyo. Mara nyingi, karibu dakika ya nne au ya tano, sauti itazama, kisha irudi na gitaa. Vijana wa maika yangu huko chini ya video huandika kwamba faili imeharibika. Haijaharibika. Hapo palikuwa na mtu anainuka kwenda kugeuza.

Sisi tunalaumu wanamuziki wa leo kwamba wanatunga kwa ajili ya simu, kiitikio kinakuja kabla hujakaa vizuri, kwa kuwa Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Ni kweli. Lakini Siti alitunga na dakika tatu mlangoni, na mabwana wa benga walitunga na shimo katikati. Tofauti ninayoiona ni nyingine: shimo lao lilihitaji mtu mwingine chumbani. Yangu inajirudia yenyewe, masikioni, ndani ya matatu, na hakuna anayejua ninasikiliza nini.

Siku ya kumbukumbu sikucheza ile faili niliyounganisha. Nilibeba mashine hadi Jericho, nikaiweka juu ya stuli. Upande wa kwanza ukaisha, sindano ikabaki ikikwaruza katikati, watu wakatulia. Mamangu hakungoja aambiwe. Akainuka, akafuta santuri kwa ncha ya leso yake, akageuza.